Ndovu wamekula mahindi, na ripoti inasema tu "uharibifu wa wastani": nidai vipi?

*"Ndovu waliingia shambani kwangu karibu na Voi usiku wakala mahindi yaliyokuwa yamebakisha wiki chache tu yavunwe. Nilipiga picha asubuhi na kuripoti kwa shirika la wanyamapori, KWS. Afisa wa kilimo alikuja baada ya siku tisa, nikiwa nimeshaanza kuwakatia mbuzi mabua, akaandika 'uharibifu wa wastani' bila hesabu yoyote. Shamba ni la baba mkwe, mimi ndiye ninayelima, na hati haina jina langu. Jirani ananiambia silipwi kwa sababu sina ua wa umeme. Nitadai vipi, na ni ushahidi gani bado unaweza kunisaidia?"*

Pole sana dada. Kulala na mahindi yaliyokomaa ukaamka na shamba lililokanyagwa ni uchungu ambao wakulima wa Taita Taveta wanaujua vizuri mno. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kutathmini mazao, na nilipoyasoma maelezo yako nilisimama kwenye maneno mawili ya afisa: "uharibifu wa wastani". Hayo ndiyo yatakayokuumiza kuliko hati na kuliko ua, kwa hiyo nitaanza nayo.

Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, kifungu cha 25, inasema mazao yaliyoharibiwa yalipwe kwa bei ya soko iliyopo. Hakuna kiwango maalumu kwa ekari kama ilivyo kwa mtu aliyeuawa, ambaye sheria hiyo imemtajia shilingi milioni 5. Mazao yanalipwa kwa kuzidisha: kilo zilizopotea mara bei ya kilo. Sasa "wastani" utaizidisha na nini? Kamati ya kaunti inayothibitisha madai ya wanyamapori ikiletewa faili isiyo na idadi ya kilo, italikalia dai lako au itakisia, na makisio ya mtu ambaye hajalikanyaga shamba lako hayawezi kukufaa. Kwa hiyo kabla ya kubishana na yeyote, badilisha neno hilo liwe namba.

Habari njema ni kwamba bado inawezekana, mradi usilime wala kuchoma masalia, na usimalize kuvuna sehemu ambayo ndovu hawakuigusa. Hiyo sehemu nzima ndiyo shahidi wako mkubwa. Ndiyo itakayoonyesha shamba lako lingetoa kilo ngapi, maana ni mbegu ile ile, mvua ile ile na mkono ule ule uliopalilia. Sehemu iliyoliwa nayo ina ushahidi ambao wengi huuona kama takataka: mashina, mizizi iliyong'olewa, na mabua yaliyodidimizwa ardhini.

Tatizo lako halisi ni mabua uliyowakatia mbuzi. Mtu akija leo ataona visiki vilivyokatwa kwa panga na atauliza, kwa haki kabisa, ni kipi alichokula ndovu na kipi ulichokata wewe. Usimfiche. Tofauti inaonekana kwa macho. Panga huacha mkato safi, mara nyingi wa mshazari, na kisiki husimama wima. Ndovu hukizungushia mkonga kishina akakivuta, kwa hiyo utaona mmea uliong'olewa na mizizi yake yenye udongo, au bua lililosokotwa na kuchanika likaacha nyuzi ndefu. Mengine atakuwa ameyakanyaga yakalala upande mmoja kwa kufuata njia aliyopita. Nyani naye ana namna yake: humenya hindi pale pale na kuacha maganda na magunzi yaliyotafunwa, huku bua mara nyingi likiwa limevunjwa bila kung'olewa. Nguruwe mwitu hufukua. Ng'ombe huacha alama za kwato. Ukiyajua haya, utaweza kulitembelea shamba na afisa ukamwonyesha mmea mmoja mmoja, naye hatakuwa na sababu ya kuandika kwa jumla.

Sasa tupime. Nitatumia namba za mfano, wewe uweke zako.

Kwanza pata eneo lililoharibiwa. Programu ya kupimia ekari kwenye simu hukosea mita kadhaa kila upande, na kwenye kipande kidogo kosa hilo ni kubwa. Chukua kamba uliyoipima mita 50, upime pande zote, uchore mchoro kwa mkono ukionyesha nyumba, njia, na upande ndovu walikoingilia. Tuseme kipande kilichoingiliwa kina mita 60 kwa 60. Hizo ni mita za mraba 3,600, pungufu kidogo ya ekari moja, kwa sababu ekari ni takriban 4,047. Usiandike kwamba shamba lote la ekari mbili limeharibiwa ikiwa ndovu walipita upande mmoja. Kamati huwa na mwakilishi wa KWS aliyezoea kuona mashamba, na dai moja lililopigwa chuku humfanya aitilie shaka kila karatasi inayofuata.

Ndani ya kipande hicho weka viwanja vidogo kumi vya mita 5 kwa 5. Usivichague kwa macho, maana jicho la mwenye shamba huenda mahali palipoumia zaidi. Tembea kwa kukatisha kutoka pembe hadi pembe, na kila baada ya hatua ulizoamua mapema, tuseme 10, simika vijiti vinne. Katika kila kiwanja hesabu mimea ya aina tatu: iliyosimama ikiwa na hindi lake, iliyong'olewa, iliyochanwa au iliyokanyagwa, na visiki vya panga. Mmea uliosimama lakini hindi lake limenyofolewa na ganda kuchanika uuweke kundi la pili, ndovu huyafanya hayo pia. Tuseme kwenye viwanja vyote kumi umepata mimea 880, na kati yake 510 ni ya kundi la pili, 150 ni ya panga, na 220 imesimama salama.

Hapo una namba mbili, zote za kweli. Mimea iliyoharibiwa na ndovu bila ubishi ni 510 kati ya 880, yaani asilimia 58. Ukijumlisha ile ya panga, ikiwa kweli uliikata kwa sababu ilikuwa imeshalala chini, inakuwa 660, yaani asilimia 75. Ziandike zote mbili, ya kwanza kama kiwango cha chini kilichothibitishwa na ya pili kama kiwango unachodai, ueleze kwamba picha za asubuhi ile zinaonyesha hali ya mabua kabla hujayakata. Nimeona maafisa wakikubali namba ya juu kwa urahisi mtu anapoitenganisha hivi, kwa sababu hawajaombwa kuamini chochote ambacho hakijaonyeshwa.

Kisha nenda upande usioguswa, karibu na kipande kilichoharibiwa, mahali penye udongo unaofanana. Weka viwanja sita vya ukubwa ule ule, vuna mahindi yake yote, yakaushe vizuri, pukuchua, pima. Kukauka ni muhimu: bei ya soko ni ya mahindi makavu, na kiwango kinachokubalika ghalani ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ukipima mabichi utakuwa unadai maji, na afisa mzuri atakukata zaidi ya ulichoongeza. Tuseme kila kiwanja kimetoa wastani wa kilo 4.5. Kiwanja ni mita za mraba 25, kwa hiyo kila mita moja ya mraba imetoa gramu 180, na kipande chako cha mita 3,600 kingetoa kilo 648, au magunia saba na kidogo ya kilo 90.

Asilimia 58 ya kilo 648 ni kilo 376. Asilimia 75 ni kilo 486. Ikiwa gunia la kilo 90 sokoni kwako linauzwa shilingi 3,600, kilo moja ni shilingi 40. Basi hasara iliyothibitishwa ni shilingi 15,040, na unayodai ni shilingi 19,440. Bei hiyo nayo iwe na karatasi: risiti ya mfanyabiashara wa nafaka au bei iliyoandikwa na ofisi ya kilimo, ya wiki zile mahindi yako yalipopaswa kuvunwa. Afisa anaweza kupunguza kidogo gharama ya kuvuna na kupukuchua ambayo hukuitumia. Hilo ni haki, usiligombee, ila mwambie aonyeshe kiasi alichopunguza.

Ikiwa ulichanganya mahindi na kunde au pojo, kila zao lina hesabu yake na bei yake. Ndovu huenda amekula mahindi tu na kuzikanyaga kunde. Yahesabu mazao hayo ndani ya viwanja vile vile, lakini kwenye safu tofauti.

Hesabu hii inakufaa kwa sababu mahindi yako yalikuwa yamekomaa. Msomaji ambaye ndovu wamemwingilia mahindi yakiwa usawa wa goti asiinakili. Mmea mchanga haujawa gunia, na bado una ukame na wadudu mbele yake. Kama mvua bado ipo na mtu anaweza kupanda tena, mtathmini atataka kulipia mbegu, kulimiwa na palizi. Kama msimu umeshapita na kupanda tena hakuna maana, hapo ndipo mtu anaweza kudai mavuno, akionyesha tarehe ya kupanda na hali ya mvua. Ndiyo maana fomu ya wataalamu wa ndovu wa IUCN, inayotumika kurekodi migogoro hii Afrika, huuliza umri wa zao na ubora wake kabla ya kuharibiwa: lilikuwa changa, la kati au limekomaa, na lilikuwa zuri, la wastani au duni. Kama "wastani" wa afisa wako ulimaanisha ubora wa zao na si kiasi cha uharibifu, basi una sababu nyingine ya kumwomba afafanue.

Tuje kwenye uthibitisho kwamba waliofanya hivi ni ndovu. Hapa uko pazuri, kwa kuwa uliripoti asubuhi ile ile. Nenda kituo cha KWS ulikoripoti uombe nambari ya ripoti yako katika kitabu cha matukio, yaani OB, na tarehe na saa iliyoandikwa. Kama askari walifika kuwafukuza, safari yao nayo iliandikwa. Ripoti ya kwao wenyewe inayosema ndovu walikuwa eneo lenu usiku ule ina uzito kuliko mashahidi kumi wa kijijini, ingawa jirani aliyewaona au kuwasikia naye aandike maelezo mafupi na nambari ya kitambulisho chake.

Picha zako usizifute kwenye simu, hata kama umeshazituma kwa WhatsApp. WhatsApp huzipunguza na kuondoa taarifa za tarehe na mahali zilizofichwa ndani ya picha. Nakala ya asili iliyo kwenye simu ndiyo inayozibeba. Zihamishie pia kwenye kadi ya kumbukumbu au simu ya mtu unayemwamini. Halafu zipange: picha ya shamba zima kutoka pembeni, picha ya njia waliyopitia, picha za karibu za mimea iliyong'olewa, na nyayo. Unyayo wa mguu wa mbele wa ndovu ni wa duara, wa nyuma ni wa mviringo uliorefuka, na ardhi laini huonyesha hata mistari ya ngozi ya kisiginoni. Kama uliweka jembe au kandambili kando ya unyayo ili ukubwa uonekane, vizuri sana. Kama hukuweka, tazama kama kuna picha yenye nyayo na mabua pamoja, maana bua lililo ndani ya picha hutoa kipimo.

Nyayo za siku ile sasa zimefutwa na upepo. Kinyesi hudumu zaidi: mabonge makubwa yenye nyuzi za majani na hata punje za mahindi ambazo hazikusagika. Kama bado yapo, yapige picha leo na uandike kwamba ni picha ya leo. Usijaribu kuifanya ionekane ya zamani. Nyaya zilizovutwa, nguzo zilizolazwa na miti iliyobanduliwa magome mpakani mwa shamba nayo bado husema njia waliyopita.

Ukishakuwa na hesabu na picha, omba tathmini irudiwe. Usimwendee afisa kwa lawama. Siku tisa ni nyingi kwako, lakini afisa mmoja wa kilimo mara nyingi anahudumia kata kadhaa, na kuna siku hana hata mafuta ya pikipiki. Unachotaka ni aje apime upya viwanja vyako mwenyewe, au achague vyake, na atie sahihi kwenye namba. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba, ibara ya 7, hivyo barua iandike kwa lugha unayoimudu. Kitu kama hiki kinatosha:

"Kwa Afisa wa Kilimo wa Kaunti Ndogo. Yah: Ombi la kurudiwa tathmini ya mahindi yaliyoharibiwa na ndovu. Mnamo tarehe (…) niliripoti uharibifu katika kituo cha KWS, nambari ya OB (…). Tathmini ya tarehe (…) inaeleza 'uharibifu wa wastani' bila kutaja eneo, asilimia wala kilo. Nimepima eneo lililoharibiwa kuwa mita za mraba 3,600, na viwanja kumi vya sampuli vinaonyesha uharibifu wa asilimia 58 uliothibitishwa na asilimia 75 ukijumuisha mabua yaliyokatwa baadaye. Sehemu isiyoguswa bado ipo, haijavunwa yote. Naomba uje kuithibitisha kabla ya tarehe (…), ambapo nitalazimika kuvuna. Nakala: Katibu, kamati ya wanyamapori ya kaunti."

Tarehe ya mwisho ndiyo roho ya barua hiyo. Inamjulisha kila anayeisoma kwamba ushahidi una siku zake, na ikipita bila mtu kuja itaonekana wazi nani hakuja. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku ikifika kama hakuna aliyekuja, mwite naibu wa chifu na mzee mmoja wa kijiji, mpime mbele yao, mtie sahihi wote kwenye karatasi moja ya hesabu, kisha uvune. Usiache chakula cha watoto kioze shambani kwa kumsubiri mtu.

Kuhusu hati, usihangaike kama jirani anavyotaka uhangaike. Sheria inazungumzia mtu yeyote aliyepata hasara ya mazao. Ardhi ya baba mkwe haiyafanyi mahindi kuwa yake. Unachohitaji ni kuonyesha kwamba mlimaji ni wewe: barua ya naibu wa chifu au chifu, maandishi mafupi ya baba mkwe akikubali kwamba unalima kipande hicho na kwamba yeye hatadai hasara hiyo hiyo, na risiti ya mbegu kama unayo. Hiyo ahadi yake ya kutodai usiiache. Faili mbili za shamba moja zikikutana mezani, zote mbili hukwama.

Suala la ua ni zito zaidi, na jirani yako ameligusa nusu. Kifungu cha 25 kinasema fidia hailipwi ikiwa mwenye mazao hakuchukua hatua za busara za kuyalinda, au ikiwa matumizi yake ya ardhi yanapingana na mpango wa usimamizi wa mfumo wa ikolojia wa eneo hilo. Hakuna panaposema ua wa umeme. Hatua ya busara kwa mkulima wa ekari mbili si ile ya ranchi. Pale Sagalla, jirani yenu, wakulima wametumia ua wa mizinga ya nyuki uliojaribiwa na mtafiti Lucy King na shirika la Save the Elephants: mizinga hutundikwa kwa waya kuzunguka shamba, na ndovu akigusa waya mizinga hutikisika na nyuki kutoka. Wengine hutundika vipande vya mabati vinavyogongana na kumeremeta, wengine hupaka kamba mchanganyiko wa pilipili na grisi, wengine hulala kibandani kwa zamu wakiwa na tochi na madebe. Lolote ulilofanya, liandike. Orodha ya zamu za majirani, picha ya kibanda cha kulindia, risiti ya tochi, kumbukumbu za simu ulizowapigia KWS usiku ule: hayo yanajibu swali la hatua za busara vizuri kuliko maneno. Kama hukufanya chochote kabisa, sema ukweli huo na uanze sasa, maana msimu ujao utaulizwa tena. Ila usimpige ndovu mshale wala kumtegea sumu. Ni kosa kubwa la jinai, na dai lako litakuwa limezikwa siku hiyo.

Hilo la mpango wa eneo lichunguze mapema. Kama shamba liko ndani ya ranchi au kwenye njia ya ndovu iliyotengwa rasmi kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, kamati inaweza kukataa hata ukiwa na hesabu safi. Uliza ofisi ya KWS au ya mipango ya ardhi ya kaunti kama kuna mpango ulioidhinishwa unaogusa kijiji chenu, na kama haupo, omba wakuandikie hivyo.

Baada ya hapo faili, yaani fomu ya madai kutoka KWS, nakala ya kitambulisho, tathmini, picha zilizochapishwa, karatasi ya hesabu na barua, inakwenda kwa kamati ya kaunti. Kazi ya kamati kwa mazao ni kuthibitisha na kupendekeza. Haina pesa mkononi. Pendekezo huenda KWS, na huko ndiko uamuzi wa kulipa unakofanyika. Kwa hiyo ukiambiwa "kamati imepitisha", uliza imepitisha kilo ngapi na shilingi ngapi, na barua ya kupeleka KWS ni ya tarehe gani. Nitakuwa mkweli kwako: Kenya ina madai mengi yaliyopitishwa ambayo yamekaa miaka yakingoja fedha. Usikope ukitegemea pesa hizi.

Kimya kikizidi, usiende ofisini kila wiki kurudishwa. Andika barua ya ombi la habari chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ukiuliza dai lako liko hatua gani na lini lilijadiliwa. Afisa anatakiwa kulitolea uamuzi ombi kama hilo ndani ya siku 21. Barua moja yenye muhuri huisogeza faili kuliko safari nyingi za matatu.

Wakikukatalia, au wakikupa kiasi kidogo kuliko kile cha chini ulichothibitisha, omba sababu kwa maandishi. Ni haki yako chini ya ibara ya 47 ya Katiba. Halafu tazama kalenda. Una siku 30 tangu kujulishwa uamuzi kukata rufaa kwa jopo la kitaifa la rufaa za mazingira, lile linaloitwa NET, na kutoka hapo unaweza kuendelea hadi Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku hizo zinahesabiwa tangu ujulishwe, kwa hiyo bahasha au ujumbe wa simu uliokuletea uamuzi uuhifadhi pamoja na faili, na uandike juu yake siku ulioupokea. Kwa shilingi 19,440 pengine rufaa haina faida ukiwa peke yako. Lakini kama majirani watano waliingiliwa usiku ule ule na wote wameandikiwa "wastani", pelekeni malalamiko yenu pamoja, kila mmoja na karatasi yake ya hesabu, na ombi la kurudiwa tathmini liwe la kijiji kizima. Afisa akija mara moja atapima mashamba yote.

Kesho asubuhi anza na kamba ya mita 50 na vijiti vya kusimika, kabla mbuzi hawajamaliza kilichobaki.